Kununua au Kuuza: Sikio la Mswahili Mbele ya Toni za Kichina

Katika Kichina cha Mandarini, kununua ni mǎi na kuuza ni mài. Herufi ni zile zile, na ulimi na midomo hukaa pale pale. Kinachomtenga mnunuzi na muuzaji ni njia inayopitiwa na sauti: katika neno la kwanza inazama chini, katika la pili inaporomoka kutoka juu. Ongeza cài, yaani mboga. Anayesema mǎi cài anakwenda sokoni na kikapu kitupu. Anayesema mài cài anakwenda huko huko na kikapu kilichojaa.

Mwendo huo wa sauti ndani ya silabi ndio unaoitwa toni. Ukiziondoa toni, Kimandarini kinabaki na silabi zipatazo 400 tu. Ukizirudisha, silabi zinafika takriban 1,300. Kwa hiyo mwanafunzi anayesikia konsonanti na irabu bila kusikia toni anaisikia lugha iliyopoteza zaidi ya nusu ya tofauti zake, na hajui zimepotelea wapi.

Maandishi ya pinyin, yaliyoidhinishwa na Bunge la China mwaka 1958, huandika Kichina kwa herufi za Kilatini na kuweka alama ya toni juu ya irabu. Alama hiyo ni mchoro wa sauti yenyewe: ā imelala, á inapanda, ǎ inashuka na kuinuka, à inashuka. Mwanaisimu Yuen Ren Chao aliufanya mchoro huo kuwa kipimo mwaka 1930, alipopendekeza ngazi tano: 1 ni chini kabisa ya sauti ya msemaji, 5 ni juu kabisa. Kwa kipimo hicho toni ya kwanza hukaa 5 mwanzo hadi mwisho. Ya pili hupanda kutoka 3 hadi 5. Ya tatu huanza 2, huzama hadi 1, kisha huinuka hadi 4. Ya nne huanguka kutoka 5 hadi 1.

Ngazi hizo ni za kila mtu na koo lake. Ngazi ya 5 ya mzee mwenye sauti nzito inaweza kuwa chini kuliko ngazi ya 1 ya mtoto, na bado wakaelewana, kwa sababu sikio la Mchina humpima msemaji kwa sauti yake mwenyewe.

Mswahili tayari anayo mienendo hiyo kooni, ila haitumii kutenganisha maneno. Toni ya kwanza iko karibu na ule mlio wa "aaa" ulionyooka anaoutoa mgonjwa daktari akimwangalia koo. Ya pili ni ile "ee?" ya mtu aliyeitwa bila kusikia vizuri. Ya nne imo katika "wee!" ya mzazi anayemkemea mtoto. Ya tatu ndiyo yenye taabu, na itarudiwa hapa chini.

Mzigo anaokuja nao Mswahili

Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizoacha toni. Kikuyu na Kichaga bado zinazo, na Lingala vilevile. Badala ya toni, Kiswahili kina mkazo, na mkazo huo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache hukaidi: barábara yenye maana ya sawasawa hukazwa mapema kuliko barabára ya kupitisha magari. Silabi yenye mkazo hurefuka kidogo na sauti yake hupanda, kisha silabi ya mwisho hulegea na kushuka.

Tabia hiyo humfuata Mswahili hadi darasa la Kichina bila yeye kujua. Akipewa neno la silabi mbili, koo lake huliandalia mteremko: ya kwanza juu, ya pili chini. Kuna maneno yanayoupenda mteremko huo. Diànnǎo, yaani kompyuta, ni toni ya nne ikifuatwa na ya tatu, na mwanafunzi hulipata siku ya kwanza. Lakini Zhōngguó, jina la China lenyewe, linataka silabi ya kwanza ikae juu na ya pili ipande. Lǎoshī, yaani mwalimu, linataka kinyume kabisa cha Kiswahili: ya kwanza chini kabisa, ya pili juu kabisa. Anayetaka kujua kama mkazo wa Kiswahili bado unamtawala ajirekodi akisema lǎoshī mara tano, kisha asikilize silabi gani iko juu. Ikiwa ni ya kwanza, amepata kazi ya wiki nzima.

Mtego wa pili ni swali. Katika Kiswahili, "Amekuja" na "Amekuja?" hutofautiana kwa kiimbo tu. Mswahili akiuliza kwa Kichina huinua mwisho wa sentensi vivyo hivyo, na neno la mwisho lenye toni ya nne hugeuka kuwa la toni ya pili. Akikusudia kuuliza "Unauza?" kwa kusema nǐ mài na kuinua sauti, anayemsikia anaweza kupata mái, ambayo ni kufukia. Kichina kina kipashio cha kuulizia, ma, kinachokaa mwishoni bila toni yake. Nǐ mài ma? Neno mài linaporomoka kama kawaida, na ma ndiyo inayobeba swali.

Toni ya tatu haiinuki

Vitabu vingi vya mwanzo huchora toni ya tatu kama bonde: inashuka, inagusa chini, inapanda. Mwanafunzi huifanyia mazoezi peke yake, mǎ, mǎ, mǎ, akiuinua mwisho kwa bidii. Kisha anaingia katika mazungumzo na kukuta kila mtu anasikia toni ya pili mahali alipokusudia ya tatu.

Sababu ni kwamba bonde zima husikika hasa neno likisimama peke yake au likiwa mwisho wa kauli. Ndani ya sentensi, toni ya tatu hushuka na kubaki chini. Kwa kipimo cha Chao ni 2 kwenda 1, basi. Katika Běijīng silabi ya kwanza hukaa sakafuni na ya pili huruka juu. Katika hěn máng, yaani "nina shughuli nyingi sana", ya kwanza iko sakafuni na ya pili inapanda. Katika mǎi cài, ya kwanza iko sakafuni na ya pili inaporomoka kutoka juu. Anayejifunza toni ya tatu kama "toni ya chini" ataikosea mara chache kuliko anayejifunza bonde.

Alama moja ya kuitambua ni kukwaruza. Sauti inapofika chini kabisa, nyuzi za koo hulegea na mlio hukatikakatika, kama wa mtu aliyeamka sasa hivi. Si kila msemaji hufanya hivyo, lakini mlio huo ukisikika katikati ya silabi, ni nadra kuwa toni ya pili.

Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hubadilika kuwa ya pili. Nǐ hǎo huandikwa hivyo, lakini hutamkwa ní hǎo. Badiliko hilo huzaa jozi ambayo hakuna zoezi litakaloitenganisha: mǎi mǎ, kununua farasi, na mái mǎ, kumfukia farasi, husikika sawa. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1960 kwa jozi za aina hiyo yalionyesha kwamba wasemaji wazawa wenyewe hawakuweza kuzitambua kwa uhakika. Mwanafunzi akigonga mwamba hapo, asilaumu sikio lake. Maana ya sentensi ndiyo inayoamua.

Sikio kwanza

Mwaka 1999 Yue Wang na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafundisha Wamarekani kusikia toni za Kimandarini. Wanafunzi hawakuambiwa waseme lolote. Katika vipindi 8 ndani ya wiki 2 walisikiliza silabi, wakachagua toni waliyodhani wameisikia, na kuambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Uwezo wao ulipanda kwa asilimia 21, ukahamia kwenye maneno mapya na sauti za watu wapya, na miezi 6 baadaye ulikuwa bado upo.

Mambo mawili katika mpango huo yanaweza kuigwa nyumbani: wasemaji wawe wengi, na jibu lije mara moja. Anayesikiliza mwalimu mmoja hujifunza sauti ya mwalimu huyo. Anayesikiliza wanaume na wanawake, wazee na vijana, hulazimika kuacha yasiyo ya lazima na kushika kile ambacho wote wanacho.

Zoezi lenyewe linahitaji simu yenye rekodi za wasemaji watatu au wanne, karatasi, na mtu wa kubonyeza. Huanza na toni mbili tu, ya kwanza na ya nne, kwa sababu tofauti yake ni kubwa: moja imenyooka, nyingine inaporomoka. Mwenzako anacheza silabi 20 kwa mchanganyiko usiotabirika. Unaandika 1 au 4, naye anasema jibu kabla ya kucheza inayofuata. Kwa kuwa majibu ni mawili tu, mtu anayebahatisha atapata kama 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara 2 katika majaribio 100, hivyo 15 ni dalili kwamba sikio limeanza kushika. Ukifika 18 mara mbili mfululizo, unahamia ya pili na ya nne, halafu ya kwanza na ya pili. Ya pili na ya tatu huachwa mwisho.

Zoezi la toni zote nne linataka jedwali. Chora mistari minne ya kilichosemwa na safu nne za kilichoandikwa, na uweke kila jibu katika kisanduku chake. Tuseme mwanafunzi amesikiliza silabi 40, kumi kwa kila toni. Toni ya kwanza amepata 9, na moja ameiandika kuwa ya pili. Ya nne amepata zote 10. Ya pili amepata 6, na nne ameziita za tatu. Ya tatu amepata 7, na tatu ameziita za pili. Jumla ni 32 kati ya 40. Mwalimu anayeangalia jumla atasema asilimia 80, songa mbele. Jedwali linasema jingine: makosa 7 kati ya 8 yako kwenye mpaka mmoja, wa ya pili na ya tatu. Mwanafunzi huyu hana haja ya kurudia zote nne. Anahitaji siku kadhaa za jozi hiyo peke yake.

Kwenye mpaka huo, la kusikiliza ni wakati wa kugeuka. Hata toni ya pili huzama kidogo mwanzoni kabla ya kupanda, ndiyo maana sikio hudanganyika. Lakini katika ya pili sauti hugeuka mapema na sehemu kubwa ya silabi ni kupanda. Katika ya tatu kamili sauti huendelea kukaa chini hadi katikati au zaidi, na kuinuka kukiwapo huja kwa kuchelewa. Tāng ni mchuzi na táng ni sukari, jozi rahisi. Jozi ya kunoa sikio ni ngumu zaidi, kama mái na mǎi, au yú, samaki, na yǔ, mvua. Usiulize "imepanda?" kwa sababu zote mbili zinaweza kupanda. Uliza "imekaa chini muda gani?"

Halafu kinywa

Sikio likishafika pazuri, kinywa kinaanza, na hakianzi na silabi moja moja. Watu huzungumza kwa maneno ya silabi mbili kwa wingi, na toni nne zikiunganishwa mbili mbili hutoa michanganyiko 16. Mmoja wapo, wa tatu na tatu, husikika kama wa pili na tatu, kwa hiyo kinywa kinabaki na miondoko 15. Kila mwondoko hupewa neno moja la kukariri: Běijīng kwa ya tatu na ya kwanza, Zhōngguó kwa ya kwanza na ya pili, diànnǎo kwa ya nne na ya tatu. Neno jipya likija, mwanafunzi huuliza ni la familia ya nani. Lǎoshī ni ndugu wa Běijīng. Anayeweza kusema moja anaweza kusema la pili.

Kabla ya kutamka neno, wengi husaidika wakilivumisha kwa "mmm" huku mdomo umefungwa. Konsonanti zikiondoka, mkazo wa Kiswahili hupoteza pa kushikia, na unabaki mwendo wa sauti tu. Ukivuma sawa, unafungua mdomo na kulitia neno ndani ya mvumo ule ule.

Asiyeamini sikio lake anaweza kutumia macho. Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchora mstari wa mwinuko wa sauti chini ya rekodi. Mwanafunzi huweka rekodi ya mwalimu na yake kwenye skrini na kulinganisha umbo. Vipimo viwekwe kulingana na koo: takriban hezi 75 hadi 300 kwa mwanamume, 100 hadi 500 kwa mwanamke, la sivyo mstari utaruka ovyo. Kuna jambo moja huwatisha wengi. Katika toni ya tatu mstari mara nyingi hukatika au kutoweka kabisa katikati. Si kosa la msemaji. Ni ule mkwaruzo wa chini, ambao programu inashindwa kuupima.

Konsonanti zinazojificha nyuma ya toni

Toni zikitulia, makosa yanayobaki huwa ya konsonanti, na moja linamhusu Mswahili wa bara kuliko wa pwani. Pinyin huandika b na p, lakini zote mbili hutamkwa bila mvumo wa koo. Tofauti yake ni pumzi: p hutoka na mpumuo mkali, b haina. Bǎo ni kushiba, pǎo ni kukimbia. Mgeni anayemaliza chakula na kumwambia mwenyeji wake wǒ bǎo le amesema ameshiba. Akisema wǒ pǎo le amesema ametimka. Dùzi ni tumbo, tùzi ni sungura, kwa kanuni ile ile.

Watu wa Mombasa na Lamu wanayo tofauti hiyo nyumbani. Katika matamshi yao paa la nyumba halina mpumuo na paa wa porini anao. Kaa la moto halina, na kaa wa baharini anao. Kiswahili sanifu hakiandiki tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawana habari nayo. Mtu wa bara akitamka pǎo kwa p yake ya kawaida, Mchina husikia bǎo. Dawa ni kipande cha karatasi nyembamba kilichoshikwa mbele ya midomo: kwa p, t na k za pinyin kiruke, kwa b, d na g kitulie.

Jozi ya pili ni qī, yaani saba, na chī, yaani kula. Sikio la Mswahili husikia "chi" mara mbili. Katika qī ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno ya chini na midomo hutanuka. Katika chī ncha hujikunja juu na nyuma. Lakini njia ya mkato ni kusikiliza irabu. I ya qī ni i halisi, kama ya "chini". I ya chī si i hata kidogo: ni mvumo mzito unaotoka na ulimi ungali umejikunja. Anayesikiliza irabu huzitenganisha mapema kuliko anayehangaika na konsonanti.

Kwa wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kununua mzigo, toni na konsonanti hukutana kwenye bei. Kumi na nne ni shísì, arobaini ni sìshí. Kwa lafudhi ya kaskazini, sh na s husaidia kuonyesha ipi imetangulia. Lakini watu wengi wa kusini hutamka sh kama s, na namba hizo huwa sísì na sìsí. Msaada wa konsonanti umetoweka. Kilichobaki ni toni peke yake, kupanda-kushuka au kushuka-kupanda. Ndiyo maana zoezi la bei hufaa kufanywa kwa rekodi za lafudhi zote mbili: mwenzako anasoma shísì, sìshí, sìshísì na shísì tena bila mpangilio, nawe unaandika tarakimu 14, 40, 44, 14. Mezani sokoni, muuzaji naye akiona mteja amesita, huichukua kikokotoo na kukiandika kiasi, au huvikutanisha vidole viwili vya shahada kwa umbo la msalaba kumaanisha kumi.